Bado Kidogo: Mchi, Kinu na Kilobaiti 500

Katika kikundi cha WhatsApp cha kikoba chetu hapa Songea, swali linaloulizwa kuliko yote ni "Mchango umefika?" na jibu linalotolewa kuliko yote ni "Bado kidogo." Katibu alichoka kuliandika. Alipita dukani kwangu, ninakochora kadi za mialiko na maandishi ya fulana, akakaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mama katibu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka hiyo 'bado kidogo' iwe stika. Mama anatwanga, anatwanga, wala hamalizi. Mtu akiniuliza hela, namtupia huyo."

Alitaka na nyingine saba: shikamoo, marahaba, asante, hongera, pole, kikao leo, na mchango umefika. Lakini hiyo ya kwanza ndiyo iliyonifundisha zaidi, na ndiyo nitakayoieleza hapa kwa hatua. Bila kujua, mama katibu alikuwa ameshatatua fumbo gumu kuliko yote katika stika zinazocheza. Stika ya aina hii haina mwisho. Ikifika tamati inaanza upya. Mchoraji hana budi kutafuta tendo ambalo kurudiwa kwake ndiyo maana yake. Kutwanga ni tendo la namna hiyo. Mchi unapanda, unashuka, unapanda tena, na anayesubiri unga anaelewa bila kuambiwa.

Basi nikachora. Mama wa kanga nyekundu, kinu mbele yake, vumbi la pumba linapanda, kuku pembeni anadonoa punje zilizodondoka. Anatwanga mara tatu, anajifuta jasho, anaanza tena. Picha 40. Nilipozifunga pamoja nikapata faili la megabaiti 1.4, na programu niliyokuwa nikitengenezea kifurushi ikalikataa palepale.

Mipaka yenyewe

WhatsApp ilianza kupokea stika Oktoba 2018, na zile zinazocheza zikafuata Julai 2020. Masharti yake ni machache, ila hayana mjadala. Kila stika iwe ya pikseli 512 kwa 512, si zaidi wala pungufu, katika umbo la faili liitwalo WebP. Stika tuli isizidi kilobaiti 100. Inayocheza isizidi 500. Mchezo wote usipite sekunde 10. Kifurushi kiwe na stika kuanzia 3 hadi 30, pamoja na kijipicha kimoja tuli cha pikseli 96 kwa 96 kinachokaa kwenye safu ya kuchagulia, nacho kisifike kilobaiti 50.

Kilobaiti 500 zinasikika nyingi mpaka upige hesabu. Mraba wa 512 kwa 512 una pikseli 262,144. Kila pikseli inahitaji namba nne: nyekundu, kijani, bluu, na ya nne inayosema pikseli hiyo ni wazi kiasi gani. Hiyo ni megabaiti moja kamili kwa picha moja kabla haijabanwa. Picha zangu 40 zilikuwa megabaiti 40. Kuziingiza katika kilobaiti 500 ni sawa na kupakia gunia themanini kwenye nafasi ya gunia moja.

Inawezekana, kwa sababu mbanaji wa WebP hatunzi kila picha nzima. Anatunza ya kwanza, kisha kwa kila inayofuata anauliza: hapa kimebadilika nini? Kile kisichobadilika hakilipiwi tena. Hapo ndipo ilipo siri yote ya kazi hii. Katika stika inayocheza, uzito hautokani sana na uzuri wa picha. Unatokana na mabadiliko. Mchoro wenye nakshi nyingi zilizotulia unaweza kuwa mwepesi kuliko mchoro wa mistari mitatu inayotikisika kila mahali.

Kuku, vumbi na maandishi

Nilianza kutafuta mabadiliko niliyokuwa nayalipia bila kuyahitaji. Kuna amri ndogo ya kompyuta, inayokuja bure pamoja na zana za WebP, ambayo inafungua tumbo la faili na kuonyesha kilichomo:

```
webpmux -info bado.webp
```

Inachapa jedwali. Kila mstari ni picha moja: upana na urefu wa kipande kilichobadilika, mahali kipande hicho kinapoanzia, kinakaa muda gani, na kina ukubwa gani kwa baiti. Picha ya kwanza huwa kubwa. Hilo ni la kawaida. Kwangu, karibu picha zote 40 zilisoma 512 kwa 512, au pungufu kidogo sana. Maana yake mbanaji aliona mabadiliko kutoka ukingo hadi ukingo, wakati mimi machoni pangu niliona mchi tu ukipanda na kushuka.

Mkosaji wa kwanza alikuwa kuku. WebP hutunza mabadiliko ya kila picha katika mstatili mmoja tu. Kuku wangu alikuwa pembe ya chini kushoto, na mchi ulikuwa ukifika juu kulia. Mstatili mmoja unaowajumuisha wote wawili ni karibu stika nzima. Kuku hakuwa mkubwa, lakini alikuwa mbali. Laiti angedonoa chini ya mdomo wa kinu, gharama yake ingekuwa ndogo. Nilimwondoa kwa shingo upande, maana nilikuwa nimempenda.

Mkosaji wa pili alikuwa maandishi. Neno "Bado kidogo" nilikuwa nimeliandika kwa mkono upya katika kila picha, ili litikisike kidogo na kuonekana hai. Ni mtindo mzuri kwenye katuni za video. Hapa kila herufi ilikuwa badiliko jipya, na ilikuwa chini kabisa ya mraba, kwa hiyo ilivuta mstatili mpaka chini. Nikaliandika mara moja, kwenye safu yake, nikaliacha litulie.

Wa tatu alikuwa vumbi. Nililipaka kwa brashi laini, likififia kutoka zito hadi kutoonekana kabisa. Ile namba ya nne ya pikseli, inayopima uwazi, mbanaji huwa haichezei: hata anaposhusha ubora wa rangi, ukingo wa uwazi huutunza kama ulivyo, kwa kuwa ukiharibika jicho linaona mara moja. Ukingo mkali ni rahisi kwake kuueleza; hapa kuna kitu, hapa hakuna. Wingu linalofifia lina hatua nyingi za uwazi, na kila hatua inaandikwa. Nililifuta vumbi, nikaweka punje tano za mahindi zenye ukingo mkali zinazoruka mdomoni mwa kinu mchi unapogonga. Zinasema jambo lilelile kwa sehemu ndogo ya gharama.

Nilipofunga faili upya likawa kilobaiti 640. Hatua kubwa, lakini bado halipiti mlangoni.

Kutwanga mara moja

Kilichobaki kilikuwa urefu. Mama alikuwa anatwanga mara tatu kabla ya kujifuta jasho, nami nilikuwa nimenakili picha zilezile za pigo la kwanza kuwa la pili na la tatu. Nilidhani kunakili ni bure. Si bure. Faili la WebP halina njia ya kusema "rudia picha ya nne". Linajua tu kwenda mbele, picha baada ya picha, kisha kurudi mwanzo lote kwa pamoja. Mapigo matatu yanayofanana yanalipiwa mara tatu.

Lakini kurudi mwanzo ndiko kunakokuwa bure. Basi kwa nini nisimwachie mzunguko wenyewe kazi ya kurudia? Pigo moja, lichorwe vizuri, na simu itatwanga mara ya pili, ya tatu na ya mia.

Hapo likaja swali la mwendo. Mapigo yakifuatana bila kupumua, stika inakuwa cherehani. Katika kikundi chenye watu wengi, inachosha macho kabla hujasoma ujumbe. Panahitajika kituo. Habari njema ni kwamba katika WebP kila picha ina muda wake, unaopimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Kituo hakihitaji picha kumi zinazofanana. Kinahitaji picha moja iliyoambiwa ikae muda mrefu.

Niliishia na picha tisa. Ya kwanza, mchi umetulia kinuni na mama amenyanyua macho anakutazama: milisekunde 600. Picha nne za kuunyanyua mchi, kila moja 80. Moja ya mchi ukiwa juu kabisa, 120. Mbili za kushuka, 40 kila moja. Ya mwisho, mchi umegonga na punje zimeruka: 120. Jumla ni milisekunde 1,240, yaani sekunde moja na robo hivi.

Tazama tofauti ya kupanda na kushuka. Kupanda kunachukua picha nne za taratibu, kushuka kunachukua mbili za haraka. Aliyewahi kushika mchi anajua sababu: kuupandisha ni nguvu zako, kuushusha ni uzito wake. Ukizipa pande zote mbili muda sawa, mchi unaonekana wa karatasi. Ni milisekunde chache tu, lakini ndizo zinazobeba uzito wa mti mzima.

Amri iliyofunga picha hizo ni hii:

```
img2webp -loop 0 -mixed -q 70 -m 6 \
  -d 600 f1.png -d 80 f2.png f3.png f4.png f5.png \
  -d 120 f6.png -d 40 f7.png f8.png \
  -d 120 f9.png -o bado.webp
```

`-loop 0` ni kujirudia bila kikomo. `-d` ni muda, na unashika kwa picha zote zinazofuata mpaka uubadilishe. `-q` ni ubora wa rangi. `-mixed` inamruhusu mbanaji achague kwa kila picha kama atunze rangi zote kama zilivyo au apunguze kidogo. Michoro yenye rangi bapa mara nyingi hutoka miepesi zaidi ikitunzwa kama ilivyo, jambo linalowashangaza waliozoea picha za kamera. Faili likatoka na kilobaiti 160. Na jedwali la `webpmux` sasa lilionyesha mistatili myembamba mirefu, umbo la mchi wenyewe.

Kuna mitego miwili katika mzunguko inayowanasa wengi. Wa kwanza ni kuirudia picha ya mwanzo mwishoni, kwa kudhani ndiyo inayofunga duara. Baada ya picha yangu ya tisa, simu yenyewe inaleta ya kwanza. Ningeiweka tena ya kumi, ingeonekana mara mbili mfululizo, na macho ya mama yangekaa juu kwa zaidi ya sekunde nzima. Dalili yake ni kigugumizi: mwendo unakwenda vizuri halafu unakwama kidogo mahali palepale kila duru.

Mtego wa pili ni kutoichagua picha ya kwanza. Duara halina kichwa wala mkia, kwa hiyo unaweza kulianzia popote. Lakini picha ya kwanza ya faili ndiyo inayoonekana stika inapokuwa haichezi. Mwanzoni nilikuwa nimeanza na mchi ukiwa angani, uso umefichwa na mikono. Nikahamisha mwanzo uwe pale mama anapotazama. Mwendo haukubadilika hata chembe, ila sasa hata stika iliyoganda inasema kitu.

Usuli ulio wazi kwelikweli

Nilimtumia mama katibu jaribio la kwanza, akanipigia.

"Mwanangu, mbona mama amezungukwa na kama unga?"

"Unga gani, mama?"

"Vitu vyeupe pembeni. Kama ametoka mashineni."

Kwenye simu yangu, yenye usuli mweupe, sikuona chochote. Yeye anatumia mandhari meusi. Nikabadilisha yangu, nikauona unga wenyewe: utepe mwembamba uliochakaa, mweupe hapa, kijivu pale, umeandama kila ukingo wa kanga na mchi.

Chanzo chake ni hiki. Programu ya kuchorea inapochora ukingo uliopinda, hailazi pikseli kama ngazi. Pikseli za ukingoni inazichanganya nusu rangi ya kitu, nusu kilicho nyuma yake, ili mstari uonekane laini. Mimi nilikuwa nimechora juu ya karatasi nyeupe, kisha nikafuta nyeupe mwishoni kwa zana ya kuchagua rangi. Nyeupe yote iliondoka, isipokuwa ile iliyokwisha kuchanganywa na kahawia ya mchi. Hiyo haifutiki, kwa sababu si nyeupe tena; ni rangi ya maziwa ya chai.

Dawa yake ni kutopaka nyeupe tangu mwanzo. Unachora kwenye safu iliyo wazi, yenye vile viraka vya kijivu na nyeupe vinavyoashiria utupu, ili ukingo uchanganywe na uwazi na si na rangi. Ukihitaji kitu cha kupumzisha macho, weka chini yake safu ya rangi kali, kijani au zambarau, na uizime kabla ya kutoa picha. Mimi hutumia Krita kwenye kompyuta. Anayechora kwa simu anaweza kutumia FlipaClip. Vyovyote iwavyo, toa picha za PNG moja moja. Usipitie GIF. Katika GIF pikseli huwa ama ipo ama haipo, hakuna nusu. Ukingo wako laini utalazimishwa kuchagua, na utatoka na meno ya msumeno au na unga uleule uliokuwa unaukimbia.

Baada ya kusafisha ukingo likaibuka tatizo la upande mwingine: mchi wa kahawia iliyokolea ulipotelea kwenye mandhari meusi. Ndiyo maana WhatsApp yenyewe inapendekeza stika izungushiwe mstari mweupe wa pikseli 8, na pembeni iachwe nafasi tupu ya pikseli 16. Mstari huo si pambo. Ni uzio unaokifanya kitu kionekane juu ya usuli wowote, na usuli wa mtumiaji huwezi kuujua: mwingine ameweka rangi nyeusi, mwingine picha ya mtoto wake, mwingine picha ya harusi. Tofauti yake na unga ni kwamba mstari huu ni sawasawa pande zote na umechorwa kwa makusudi. Ila lazima ufuate mchi unapopanda, na mchi ukifika juu kabisa, ncha pamoja na uzio wake visiguse paa la mraba. Nilimpunguza mama kimo kidogo ili mchi upate anga.

Tatizo la mwisho la uwazi linaonekana tu picha zikianza kucheza. Mchi unapohama, pale ulipokuwa panapaswa kurudi kuwa wazi. Lakini kuweka "wazi" juu ya mchi wa zamani ni kama kuweka kioo juu ya picha; picha inabaki. Mbanaji lazima aambie simu ifute kwanza, au iandike juu bila kuchanganya. `img2webp` hulifanya hilo yenyewe. Baadhi ya programu za kubadilisha mafaili hukosea, na matokeo yake ni mizimu: michi mitano imesimama angani kama uzio wa miti, na mama mmoja katikati. Ukiiona mizimu, usichore upya. Tazama jedwali la `webpmux`, safu za `dispose` na `blend`. Ikiwa kila mstari unasema `none` na `yes`, hakuna anayefuta, na kosa liko kwenye kufunga, haliko kwenye kuchora.

Kisichofaa kucheza

WhatsApp haichanganyi stika tuli na zinazocheza katika kifurushi kimoja. Ama zote zicheze, ama zote zitulie. Mwanzoni sharti hili liliniudhi. Baadaye lilinifanya niulize kila neno la mama katibu kama linastahili kuzunguka.

"Pole" halikustahili. Katika kikoba, pole hutumwa zaidi wakati wa msiba. Nilijaribu mkono unaogusa bega: unagusa, unaondoka, unagusa, unaondoka. Kwa mara ya kwanza ni faraja. Kwa mara ya nne ni mzaha. Niliitoa, nikaiweka kwenye kifurushi cha pili cha stika tuli, pamoja na "asante" na "kikao leo". Tatu ndicho kiwango cha chini, kwa hiyo kifurushi kilipita.

"Shikamoo" nayo ilinitoa jasho. Msichana anakunja magoti kumwamkia mkubwa wake, kama tunavyoona majumbani hapa. Akiinuka na kushuka kila sekunde, anaonekana anamfanyia mzee mchezo. Hapa mzunguko mfupi, uliomfaa mtwangaji, uliharibu adabu yote. Nilichofanya ni kuigeuza hesabu: anashuka kwa picha tatu, kisha anabaki chini sekunde mbili nzima kwa picha moja tu, halafu anainuka. Kwa baiti hakuna tofauti kubwa na stika ya kinu. Kwa maana, ni amkio, si mazoezi ya viungo.

Kwa hiyo urefu wa mzunguko hauanzi na mipaka ya programu. Sekunde 10 unazoruhusiwa karibu hutazihitaji kamwe. Unaanza na swali: tendo hili likirudiwa, linakuwa nini? Kutwanga kukirudiwa kunakuwa kusubiri. Kuamkia kukirudiwa kunakuwa kejeli, isipokuwa upunguze kasi.

Vijana wa kikoba waliohamia Dar walitaka kifurushi hichohicho kwenye Telegram, na huko mipaka ni mikali zaidi. Stika ya video huko ni faili la WEBM, lisizidi kilobaiti 256, sekunde 3, na picha 30 kwa sekunde. Hapo nilishukuru kwamba muda wangu wote ulikuwa unagawanyika kwa 40. Video kwa kawaida haina picha inayokaa muda wake yenyewe. Inakwenda kwa mapigo yaliyo sawa. Kwa picha 25 kwa sekunde, kila pigo ni milisekunde 40. Kile kituo cha 600 kikawa mapigo 15, kupanda mapigo mawili kwa kila picha, kushuka pigo moja moja, na jumla mapigo 31 bila baki. Mwendo ukatoka uleule. Ningekuwa nimechagua 70 hapa na 110 pale, mchi ungechechemea.

Kifurushi kilipokamilika, nilimtumia mama katibu, na baada ya siku mbili nikamwandikia kwa heshima nikiulizia malipo yangu. Jibu lilikuja haraka. Mama wa kanga nyekundu alininyanyulia macho, akapandisha mchi, akaushusha. Nilikuwa kwenye mandhari meusi. Ukingo ulikuwa safi kabisa.